Saa sita mchana na taa zote zimewaka? Acheni hizo

Wasee wa renda, tuongee. Mnatuwekea sebule, jua la saa sita linamwagika dirishani, na bado taa kumi za dari na ile ya kando ya kochi zinang'aa kama ni usiku. Na zote nyeupe pe! Hiyo nyumba iko wapi?

Mwanga wa dirishani siku ya mawingu ni kelvini 6500 hivi. Balbu ya nyumbani yenye mwanga wa joto ni 2700. Namba ikishuka, rangi inaelekea chungwa. Ukizifanya zote nyeupe, mteja ataona kitu hakikai sawa hata kama hajui ni nini.

Kwenye Blender, chomeka `Blackbody` kwenye rangi ya taa: ya kochi 2700, za dari 3000. Kisha nenda `White Balance`. Ukiacha 6500, taa zinakuwa chungwa kama Fanta. Ukiweka 2700, dirisha linageuka buluu kama friji. Mimi hukaa karibu na 4000, dirisha libaki na ubuluu kidogo na taa zibaki na joto.

"Lakini taa yangu haionekani mchana!" Si ndiyo ukweli? Balbu ya lumeni 800 haiwezi kushindana na jua. Ukiizidisha mara mia, kofia ya taa inaungua, inabaki doa jeupe. Unataka taa zionekane? Sogeza saa hadi kumi na mbili na nusu jioni, uzime nusu ya zile za dari. Mteja aking'ang'ania mchana, zima zote.