Bei ya Hisa Gazetini Si Fedha Mkononi

Walimu na watumishi wengi wanaonunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huanza na swali moja tu: ni ipi itakayopanda? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi.

Kwanza, ukubwa wa kampuni haupimwi kwa bei ya hisa moja. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 tu, nayo ni miongoni mwa kampuni kubwa za soko hilo, maana hisa zake sasa zapata bilioni 2.6. Zidisha bei kwa idadi ya hisa, ndipo utakapoujua ukubwa.

Kampuni ndogo ina nafasi kubwa ya kukua, kwani yenye matawi mawili ikiongeza mawili imekwisha jizidisha maradufu. Lakini mkopaji mmoja mkubwa akishindwa kulipa, au meneja hodari akiondoka, kampuni nzima hutikisika. Ile kubwa hustahimili zaidi, ingawa haina kinga: mwaka 2019 hisa za CRDB ziliuzwa chini ya zile shilingi 150 za mwanzo. Hata hivyo, aliyetaka kuuza aliweza kumpata mnunuzi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye hisa 2,000 za kampuni ndogo, ambazo bei yake imeandikwa shilingi 500. Kwenye karatasi anayo milioni moja. Ada ya mwanawe imefika, naye anakwenda kwa dalali. Maombi ya kununua yaliyopo ni mawili tu: hisa 300 kwa shilingi 490, na hisa 400 kwa shilingi 480. Akikubali yote atapata shilingi 339,000 kabla ya kukatwa ada ya dalali, na hisa 1,300 zitabaki zikimngoja mnunuzi, pengine kwa miezi. Ile bei ya 500 ilikuwa ya mauzo ya mwisho, ambayo huenda yalifanyika zamani. Bei isiyotikisika, basi, yaweza kuwa dalili ya soko lililolala, wala si ya usalama.

Kampuni za kati husimama katikati kwa ukuaji na hatari, ila si lazima iwe hivyo kwa wepesi wa kuuza. Ukubwa wenyewe nao hudanganya: Tanzania Breweries ni kampuni kubwa, lakini hisa zake nyingi zimeshikwa na kampuni mama, hivyo zinazozunguka ni sehemu tu.

Kwa hiyo, Ndugu mnunuzi, kabla ya kutoa fedha mwulize dalali: katika miezi mitatu iliyopita hisa hizi ziliuzwa siku ngapi, na ngapi kila siku? Ikiwa jibu ni siku nne, fedha za ada ya mwakani zisiingie humo.