Ganzi ya Miguu Isisingiziwe Baridi

Ukilalamika pale Karatu kwamba miguu inakufa ganzi, majibu hayachelewi. Ni baridi ya mlimani. Ni kukaa sana kwenye gari. Kijana kama wewe utaumwa nini? Ukitaja kisukari watu wanacheka, maana wameshakigawa: ni cha wazee na wenye vitambi. Imani hiyo ni potofu, na kuna watu inawagharimu miguu yao.

Tuchukue mfano wa dereva wa watalii mwenye miaka 32, anayeishi Karatu mjini na kuteremsha wageni kreta ya Ngorongoro msimu mzima. Si mnene. Kwa miezi kadhaa amekuwa akihisi kama sisimizi wanamtambaa nyayoni, miguu yote miwili, kuanzia kwenye vidole. Usiku inawaka moto hadi shuka linamkera. Anakunywa maji mengi, anaamka mara tatu kukojoa, na suruali zimeanza kumpwaya. Kila dalili anaitafutia sababu: vumbi, kazi, mawazo. Jioni anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa ipate joto.

Siku moja mkewe anaona lengelenge kubwa kwenye kidole gumba. Ni la moto wa jiko, na mwenye mguu hakusikia chochote. Hapo ndipo anapokubali kwenda kliniki.

Anatobolewa kidole cha mkono, tone la damu linawekwa kwenye mashine, inasoma 17.8. Kwa mtu mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, 11.1 kwenda juu ni kisukari, hata kama ametoka kula. Kisha inakuja zamu ya miguu. “Kaka, fumba macho. Ukihisi nimekugusa, sema ndiyo,” anaambiwa na muuguzi, ambaye ameshika uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Anagusa chini ya kidole gumba. Kimya. Anagusa mguu wa pili. Kimya. Kijana amefumba macho anasubiri kipimo kianze.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia, yaani inayofika vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi hii hushika miguu yote miwili na kupanda taratibu kama soksi. Mshipa uliobanwa mgongoni kwa kawaida husumbua mguu mmoja. Na wanaoshikilia hoja ya baridi waushike mguu wenyewe: mgonjwa anaweza kusema umepoa kama barafu, kumbe mkononi una joto la kawaida. Pombe, upungufu wa vitamini B12, VVU na baadhi ya dawa za kifua kikuu navyo huleta ganzi. Hiyo ni sababu zaidi ya kupima badala ya kubahatisha.

Umri nao si kinga. Utafiti wa vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya 100. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipata takriban 9 kati ya 100, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na maeneo yalitofautiana, kwa hiyo namba hizo hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo, anayesema leo kwamba ugonjwa huu ni wa wazee wachache anaongelea Tanzania ya zamani.

Kwa kuwa kijana huyu amekonda, daktari anapima pia ketoni kwenye mkojo. Zikiwa nyingi, huenda akahitaji insulini, na kumpa vidonge tu kungekuwa hatari. Hazipo. Anaanzishiwa metfomini, kidonge kimoja pamoja na chakula, ili tumbo lizoee kabla dozi haijapandishwa.

Kazi ngumu iko kwenye gari. Alikuwa anakunywa chai ya vijiko vinne asubuhi, soda njiani, kisha anamalizia juisi na keki zilizobaki kwenye maboksi ya chakula ya wageni. Soda moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Sasa anabeba maji, mayai ya kuchemsha na karanga. Ugali wa jioni umepungua, maharage na mboga zimeongezeka, na sokoni anakwenda kwa miguu. Viatu anavikung’uta kabla ya kuvaa, nyayo zinakaguliwa na mkewe kila jioni, na jiko limehamishwa mbali na kiti chake.

Baada ya miezi sita moto wa usiku umepungua sana. Ganzi ya vidoleni bado ipo, na daktari amemwambia wazi kwamba huenda isiondoke yote, kwa sababu mishipa iliyoharibika muda mrefu haiponi kirahisi. Angepima sukari sisimizi walipoanza kutambaa, huenda angeokoa sehemu ya hisia aliyoipoteza akisubiri baridi iishe.