Chenji inayoingia akiba: chagua kumi au hamsini?

Mwaka wa 2005 Bank of America ilianza mpango ulioitwa Keep the Change. Ukilipa kwa kadi dola 3 na senti 40, benki inapandisha hesabu hadi dola 4, na zile senti 60 zinaenda kwa akaunti yako ya akiba. Tangu hapo wazo hili limeenea kwa kadi na programu za simu, na wengi wetu tunalipenda. Lakini tuonavyo sisi, halifanyi kazi Masimba kama linavyofanya kule, na sababu ni bei zetu.

Kwao bei nyingi huishia na senti. Kwetu boda ni 50, nyanya ni 30, maziwa ni 60. Ukipandisha 60 hadi kumi inayofuata, hakuna kitu cha kuweka. (Ile shilingi moja hata haionekani siku hizi, dukani unapewa peremende!)

Hebu tupige hesabu ya jioni moja. Mkate 65, sukari nusu kilo 85, maziwa 60, nyanya 30, kipande cha sabuni 45. Jumla ni 285. Ukiwa umechagua kupandisha hadi kumi, unaweka bob 15. Ukichagua hamsini, mkate unakuwa 100, sukari 100, maziwa 100, nyanya 50, sabuni 50. Hapo umekatwa 400, yaani akiba ni 115. Hiyo si chenji tena, ni kama kununua shopping nyingine ndogo.

Ukinunua hivyo kila siku kwa siku 30, kumi inakupa 450 na hamsini inakupa 3,450. Ya pili inavutia, sivyo? Shida ni kwamba pesa ya karo au ya mbolea ikipungua, utairudisha hiyo akiba kidogo kidogo na kuitoa kwa ajenti. Kwa M-Pesa, kutoa kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 115 yako ya siku moja, robo yake imeenda na ada. Kwa anayenunua vitu vidogo vidogo, sisi tunasema kumi.

Na angalia kitu kingine: mfumo unahesabu malipo, hauhesabu bidhaa. Vile vitu vitano ukivilipia pamoja, 285 inapanda hadi 290, unaweka bob 5 badala ya 15.

Hatari kubwa zaidi ni Fuliza. Salio likiisha na chenji iendelee kukatwa, utakuwa unakopa kwa ada ili uweke akiba. Kabla ya kukubali huduma yoyote ya aina hii, uliza kama inajizima salio likishuka chini ya kiwango ulichoweka. Ikiwa haijizimi, izime mwenyewe wiki ile mfuko umekauka, kisha uiwashe pesa ya majani chai ikiingia.