Mafuuli Mutlaki ya Kiarabu na Tatizo la Kuhamishia Taukidi yake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiarabu, kitenzi huweza kufuatwa na masdari yake chenyewe, ikiwa katika hali ya nasbu, bila ya masdari hiyo kutaja kitu kipya. Wanasarufi wa Kiarabu huiita masdari hiyo mafuuli mutlaki. Makala haya yanashikilia kwamba mazoea ya kuifasiri kwa neno "sana" au "mno" yanatokana na kuielewa vibaya kazi yake, na kwamba Kiswahili kinazo njia zake za kuibeba, ingawa hakuna hata moja inayofaa kila mahali.

2.0 Aina tatu na mzigo wa kila moja

Sarufi za Kiarabu huigawa mafuuli mutlaki katika aina tatu: ile inayotia taukidi, ile inayobainisha namna ya tendo, na ile inayobainisha idadi yake. Mgawanyo huu ndio unaopaswa kuwa mwanzo wa kazi ya mfasiri, kwa sababu Kiswahili hakizipokei aina hizo kwa usawa.

Aina ya pili na ya tatu hazina taabu. Kiswahili nacho kina nomino zinazotokana na kitenzi na kukifuata kama yambwa:

(1) Alilia kilio cha uchungu.
(2) Alimpiga mapigo mawili.

Lakini pindi kivumishi au idadi inapoondolewa, mambo hubadilika. Mtu akisema "alilia kilio" au "alimpiga kipigo" kisha akanyamaza, msikilizaji hubaki akingoja: kilio gani? kipigo cha namna gani? Kwa kawaida nomino ya namna hii katika Kiswahili hudai sifa. Masdari ya Kiarabu haidai. Ikisimama peke yake ndipo inapotia taukidi. Kwa hiyo aina ya kwanza, ambayo kwa Mwarabu ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa Mswahili ndiyo nzito.

3.0 Taukidi ya nini?

Swali la msingi ni hili: masdari hiyo inatilia mkazo kitu gani? Jibu la wanasarufi wa kale si "kiasi cha tendo". Kwao, masdari ya taukidi huondoa dhana kwamba kitenzi kimetumiwa kwa majazi. Mfano mashuhuri ni aya ya 164 ya Sura An-Nisaa, ambamo kitenzi "kallama" kinafuatwa na masdari yake "takliman" katika habari ya Mungu kusema na Musa. Abu Jaafar an-Nahhas, mwanasarufi wa Misri aliyefariki mwaka 950, alishikilia kwamba kitenzi kikitiwa taukidi kwa masdari hakiwezi tena kuchukuliwa kuwa cha majazi. Hoja hiyo ya kisarufi iliingia moja kwa moja katika mjadala wa wanatheolojia kuhusu maneno ya Mungu.

Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili, tangu ya Godfrey Dale (1923) hadi ya Abdallah Saleh al-Farsy (1969) na ya Ali Muhsin al-Barwani (1995), zote zimelazimika kulikabili neno hilo. Ni wazi kwamba "sana" haliwezi kufaa hapo. Kusema na mtu sana ni kuzungumza naye kwa muda mrefu au mara nyingi, na aya haizungumzii urefu wa mazungumzo. Inathibitisha kwamba kusema kulikuwa kusema. Kiswahili cha mahali hapo ni "kwa maneno", "hasa", au "kweli".

4.0 Mfano mmoja kutoka Bariadi

Ili suala hili lisibaki la vitabu vitakatifu peke yake, na tuchukue sentensi ya kawaida. Tuseme mwalimu wa Kiarabu mjini Bariadi, katika nchi ya wakulima wa pamba, amewapa wanafunzi wake sentensi hii waifasiri:

(3) Hatama al-baradu al-kutna hatman.

Maana ya msingi ni kwamba mvua ya mawe iliiponda pamba. Wengi wa wanafunzi hao wamekipata Kiswahili baada ya Kisukuma, na huenda wakaleta majibu manne:

(4) Mvua ya mawe iliiponda pamba kuponda.
(5) Kuiponda, mvua ya mawe iliiponda pamba.
(6) Mvua ya mawe iliiponda pamba sana.
(7) Mvua ya mawe iliiponda pamba ikapondeka.

Jibu la (4) limefuata Kiarabu neno kwa neno, na lina kasoro ile ile ya "alimpiga kipigo": msikilizaji anauliza "kuponda gani?" Jibu la (5) ni Kiswahili safi, na hapo ndipo penye mtego. Kitenzi-jina kikitangulizwa hivyo hukubali tendo ili kulipunguzia uzito: kuja alikuja, lakini alichelewa. Aliyesikia (5) atasubiri "lakini", pengine kwamba vitumba vya chini vilisalimika. Taukidi imegeuka kuwa nusu ya pingamizi.

Kuhusu (6) na (7), kipimo chepesi ni kumsikiliza anayekanusha. Anayeipinga (6) atasema, "La, si sana." Anabishania kiasi, huku akikubali kwamba pamba imepondwa. Anayeipinga (7) atasema, "La, haikupondeka." Huyu anabishania kutukia kwa tendo, na hilo ndilo jambo ambalo masdari ya Kiarabu inalithibitisha. Tena (7) inarudia mzizi ule ule, kama Kiarabu kinavyofanya, lakini kwa nyenzo za Kiswahili: kiambishi -ka- na kauli ya kutendeka. Ndiyo sarufi ya msemaji anayesema kwamba mtu alipigwa akapigika.

5.0 Mipaka

Njia ya (7) ina mpaka ulio wazi. Inahitaji kitenzi ambacho athari yake huonekana juu ya mtendwa: kuponda, kupiga, kufunga, kuvunja. Kwa "kusema" haifai, kwani "yakasemeka" huelekea maana ya kuwezekana kusemwa. Kwa vitenzi vya namna hiyo hapana budi kurudi kwenye "hasa" na "kweli".

Tanakali nazo, kama "lala fofofo" na "funga ndi ndi ndi", zina nguvu kubwa, lakini kila moja imefungamana na vitenzi vyake vichache, na huvuta matini kwenye mazungumzo ya barazani. Kauli ya kutendea iliyorudufiwa, kama katika "tupilia mbali", hutia ukamilifu wa tendo. Hata hivyo nayo haipatikani kwa kila kitenzi.

6.0 Hitimisho

Mfasiri anayekutana na mafuuli mutlaki anapaswa kwanza kuuliza kama masdari imeandamana na sifa au idadi. Ikiwa imeandamana nayo, nomino ya Kiswahili yatosha. Ikiwa imesimama peke yake, aangalie kitenzi: chenye athari inayoonekana kipewe kauli ya kutendeka, na kisicho nayo kipewe neno la kuthibitisha ukweli wa tendo. "Sana" libakizwe pale tu ambapo muktadha wenyewe unazungumzia kiasi.