Python haikulindi: mstari mmoja, hatua moja, majibu matatu

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Kila mwalimu wa Python anapofika kwenye somo la kujongeza mistari hueleza jambo moja tu. Ukikosea nafasi za mwanzo wa mstari, anasema, Python itakupigia kelele, itaandika `IndentationError` pamoja na namba ya mstari, urekebishe uendelee na safari. Kisha anaongeza ile sifa tunayoipenda sana sisi wapenzi wa Python, kwamba lugha hii inakulazimisha uandike vizuri, kwa hivyo makosa ya mpangilio hayapiti.

Yanapita, jamani. Yanapita mchana kweupe, tena bila kubisha hodi.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14. Anayechelewa kutoa mchango zaidi ya siku 3 hutozwa faini ya shilingi 50. Nilimwandikia programu ndogo ya kujumlisha faini za mwezi, na sehemu yenyewe ilikuwa hivi:

```python
def faini(siku_zote):
    t = 0
    for siku in siku_zote:
        if siku > 3:
            print("Amechelewa siku", siku)
        t += 50
    return t
```

Itazame vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Niliijaribu kwa mtu mmoja aliyechelewa siku 5. Ikatoa 50. Nikafurahi, nikampelekea shangazi. Mwisho wa mwezi, waliochelewa walikuwa 5, na mkobani mlikuwa na shilingi 250 kamili. Ripoti yangu, iliyosomwa mbele ya mkutano, ilisema 700. Sasa hesabu ya mkutano ni rahisi: 700 toa 250, shilingi 450 ziko wapi? Shangazi alinipigia simu jioni hiyo. "Wewe mwanangu, hiyo kompyuta yako imenifanya mwizi mbele ya wenzangu." Nilikosa la kusema.

Mstari wa `t += 50` umekaa hatua moja nje zaidi ya inavyotakiwa. Nilitaka uwe ndani ya `if`, lakini umesimama sambamba na `if`, ndani ya kitanzi cha `for`. Kwa hivyo wanaochapishwa ni wale 5 waliochelewa kweli, lakini wanaotozwa ni wote 14. Python haikuona kosa lolote, kwa sababu kwa sheria zake hakuna kosa. `IndentationError` hutokea pale ambapo mpangilio hausomeki kabisa: umefungua `if` bila kuweka kitu ndani yake, umejongeza mstari bila sababu, au umerudi nyuma ukasimama mahali ambapo hakuna kundi lililoanzia. Mstari ukihama kutoka kundi halali kwenda kundi lingine halali, hiyo ni programu nyingine tu, na itatekelezwa kwa utiifu.

Sasa chukueni ule mstari mmoja muuweke mahali patatu: ndani ya `if`, sambamba na `if`, kisha sambamba na `for`. Mahali pote patatu ni halali. Pitisha orodha ya `[0, 5, 2, 7]`. Ndani ya `if` unapata 100, ambalo ndilo jibu sahihi. Sambamba na `if` unapata 200, kwa sababu kila mtu ametozwa. Sambamba na `for` unapata 50, kwa sababu mstari unatekelezwa mara moja tu baada ya kitanzi kwisha. Lakini pitisha orodha ya `[5]`, ile niliyojaribia mimi, na zote tatu zinakupa 50! Jaribio langu halikuweza kutofautisha programu nzuri na mbovu. Ningejaribu hata na mtu mmoja asiyechelewa, `[0]`, jibu lingekuwa 50 badala ya sifuri, na ningejua palepale.

Binamu yake ni `return` iliyoingia hatua moja ndani sana, ikawa ndani ya kitanzi. Hapo fanksheni inarudi baada ya mtu wa kwanza, wengine hawafikiwi. Ukiijaribu kwa orodha ya mtu mmoja, inafanya kazi vizuri kabisa. Ujanja ni uleule.

Najua wale ndugu zetu wa C na Java wameanza kucheka. Subirini kwanza. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu na kompyuta zake, kwa sababu mstari wa `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili chini ya `if` isiyo na mabano. Kwa macho, mistari yote miwili ilionekana iko ndani ya `if`. Kwa kompaila, wa pili ulikuwa nje, ukawa unatekelezwa kila mara, na ukaguzi wa saini ya usalama ukarukwa. Kosa hilohilo lingeandikwa kwa Python lisingedhuru mtu, kwa kuwa mstari wa pili ungekuwa ndani kweli kama unavyoonekana. Hapo Python inashinda, nakubali, na sirudi kwenye mabano.

Lakini tulilipa bei, na bei hiyo ndiyo hatuisemi. Katika C, nia ya mwandishi imeandikwa mara mbili: kwa mabano na kwa mpangilio. Vikipingana, mashine inaweza kukuonya. Kompaila ya GCC, tangu toleo la 6 la mwaka 2016, ina onyo la `-Wmisleading-indentation` linalofanya kazi hiyohiyo. Katika Python nia imeandikwa mara moja tu. Hakuna shahidi wa pili. Ndiyo maana programu za kupanga msimbo, kama `black`, hazingeniokoa: zinachukua mstari mahali ulipo na kuunyoosha vizuri hapohapo, kosa likiwa limevaa suti. Na ukinakili msimbo kutoka mahali palipomeza nafasi za mwanzo, hakuna chombo kinachoweza kuzirudisha kwa uhakika, kwa sababu taarifa yenyewe imepotea.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini? Mimi siku hizi napunguza ngazi zenyewe. Mstari ukiwa na mahali patatu pa kukaa, unaweza kuanguka mara mbili. Ukiwa na mahali pamoja, utaangukia wapi?

```python
def faini(siku_zote):
    return sum(50 for s in siku_zote if s > 3)
```

Hapa sharti na faini viko kwenye sentensi moja, havitenganishiki kwa kubonyeza kitufe vibaya. Pale ambapo kazi ni kubwa na haiwezi kuandikwa hivi, naweka `if siku <= 3: continue` mwanzoni mwa kitanzi, kisha yote yanayofuata yanakaa ngazi moja. Haizuii mstari kutoroka nje ya kitanzi kabisa, lakini ngazi moja imeondoka. Majaribio yangu nayo lazima yawe na orodha tupu, orodha ya mtu mmoja asiyetimiza sharti, na orodha ya mchanganyiko ambayo jibu lake nimelipiga kwa kalamu kwanza.

Shangazi alisafishwa jina mkutano uliofuata. Nilienda mwenyewe na karatasi, tukahesabu mistari iliyochapishwa, mitano mara hamsini. Mwenyekiti akaniuliza mbona sikuhesabu hivyo mwezi uliopita. Ripoti ya sasa inaandikwa kwa mkono, na programu yangu inaruhusiwa kuihakiki tu.