Ukiandikisha 50 kwa viti 40, nani atarudishwa nyumbani?

Mtu yeyote aliyewahi kuandaa mafunzo ya wakulima pembezoni mwa Mlima Meru anaijua hali hii. Majina 40 yapo kwenye daftari, chakula cha watu 40 kimepikwa, saa tatu asubuhi wamefika 33. Sufuria linabaki na wali, na mjumbe wa kamati anasema: "Mwakani tuandikishe 50, maana hawa watu hawaji wote."

Wazo hilo si la kipuuzi. Mashirika ya ndege yamekuwa yakiuza tiketi kuzidi viti kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kabla kamati haijaandika jina la 41, inapaswa kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ina mtego ambao nimeona watu wengi, wasomi kwa wasio wasomi, wakiuingia.

Tuchukue mfano. Kikundi kimoja karibu na Tengeru kinaendesha mafunzo ya siku moja ya kubebesha miche ya parachichi. Kila mshiriki anahitaji kisu, vikonyo na miche ya kufanyia mazoezi, na vifaa vinatosha watu 40 tu. Mara sita zilizopita waliandikisha 40 kila mara, na waliofika walikuwa 34, 35, 33, 36, 34 na 20. Jumla ni 192 kati ya 240, yaani asilimia 80. Katibu anasema: asilimia 80 ya 50 ni 40, basi tuandikishe 50, viti vitajaa sawasawa.

Hapo pana makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba wastani ndio utakaotokea. Hata kama kila mtu angekuwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kufika, ukiandikisha 50 utazidiwa zaidi kidogo ya mara 4 katika kila 10. Wastani maana yake siku nyingine wanapungua na siku nyingine wanazidi.

La pili ni kubwa zaidi. Hebu itazame tena siku ile ya watu 20. Siku hiyo kulikuwa na msiba, na wana kikundi wa kijiji kizima hawakutoka. Huku kwetu watu hawakosi mmoja mmoja kama tiketi za ndege. Wanakosa kwa pamoja: msiba mmoja, mvua ya masika iliyokata barabara ya kushuka kutoka Ngarenanyuki, au Noah moja iliyoharibika ikiwa na watu wanane ndani. Mafunzo yakiangukia siku ya gulio la Tengeru, wafanyabiashara wa ndizi na mboga wataenda sokoni, na wala usiwalaumu.

Kwa hiyo kikundi hiki kina siku za aina mbili. Siku za kawaida, tano kati ya sita, walifika 172 kati ya 200, sawa na asilimia 86. Siku mbaya ilifika nusu tu. Ile asilimia 80 ya katibu ni siku ambayo haijawahi kutokea hata mara moja. Akiandikisha 50, siku ya kawaida watafika kama 43, na atazidiwa zaidi ya mara 8 katika 10. Siku ya msiba watafika 25, na viti 15 vitabaki wazi vilevile. Kuzidisha majina kumemletea aibu siku nzuri, na siku mbaya hakukumwokoa.

Basi tupige hesabu kwa siku za kawaida peke yake. Hapa lazima tuulize swali la fedha: kiti kilichobaki wazi kinagharimu nini, na mtu aliyerudishwa anagharimu nini? Tuseme kiti wazi kinapoteza sahani ya chakula na maandalizi, shilingi 6,000. Miche haipotei, inarudi kitaluni. Mkulima aliyepanda gari alfajiri akaambiwa vifaa vimekwisha amepoteza nauli ya kwenda na kurudi, kibarua cha siku, na subira yake kwa kikundi. Tuseme 24,000. Hasara ya kumrudisha mtu ni mara nne ya hasara ya kiti wazi. Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi: ongeza jina moja moja, na ukome pale ambapo uwezekano wa kuzidiwa unapita 1 katika 5, yaani 6,000 kugawa kwa 30,000.

Kwa asilimia 86, ukiandikisha 44 uwezekano wa kuzidiwa ni kama 12 katika 100. Ukiandikisha 45 unapanda hadi kama 23. Umeshapita kikomo. Jibu ni 44, si 50. Na kwa kuwa kumbukumbu zenyewe ni za siku tano tu, mimi ningeandika 43.

Tazama jinsi gharama inavyotawala jibu. Kama yangekuwa mafunzo ya mhadhara chini ya mti, ambapo anayezidi anapewa benchi na ugali unaongezwa maji, hasara ya kuzidiwa ni ndogo na unaweza kuandikisha hata 46. Lakini mwenye nyumba ya wageni mjini wakati wa Nanenane, watu wakiwa wamejaa kwenye viwanja vya Themi, asithubutu. Mgeni anayefika saa nne usiku akakuta kitanda chake kimelaliwa hana pa kwenda, na hutamfidia kwa shilingi 24,000.

Kuna mambo ya kuangalia kwenye daftari lenyewe. Je, majina yaliletwa na wahusika, au mwenyekiti aliwaorodhesha bila kuwauliza? Anayekuja badala ya mwingine anahesabiwa kuwa amefika, kwa sababu anakalia kiti. Na ukianza kutoza kiingilio, hata cha shilingi 2,000, kumbukumbu za mafunzo ya bure hazikufai tena, kwani aliyelipa hakosi kirahisi. Dalili ya kwamba makadirio hayaaminiki ni mtawanyiko: kama siku za kawaida zingekuwa 28, 40, 31 na 39, nisingeandikisha hata mmoja zaidi.

Kwa maoni yangu, kikundi hiki kina njia bora kuliko kuzidisha majina. Kiandikishe 40, kisha kiwe na orodha ya akiba ya watu kumi wanaokaa umbali wa kutembea kwa miguu, wakijua kabisa kwamba ni wa akiba. Jioni ya kuamkia mafunzo wapigiwe simu wote 40. Saa tatu na nusu, viti vilivyo wazi wapewe wa akiba. Njia hii inafanya kazi hata siku ya msiba wa kijiji cha mbali, jambo ambalo majina ya ziada hayawezi.

Na ikitokea wamezidi, asirudishwe aliyechelewa, maana mara nyingi huyo ndiye aliyetoka mbali kuliko wote. Mchumi Julian Simon alipendekeza mwaka 1968 kwamba mashirika ya ndege yawaulize abiria nani yuko tayari kubaki kwa malipo. Watu walimcheka, lakini mwaka 1978 Marekani ikaanza kuutumia utaratibu huo. Hapa Tengeru unatosha kusimama mbele na kuuliza: nani anakaa karibu na yuko tayari kupisha, ale chakula, arudishiwe nauli, na awe wa kwanza kwenye orodha ya mwezi ujao?