Maiki ya Ukumbi Haichanganywi Nusu kwa Nusu

Wasomaji, hoja za wanaorekodi mihadhara kwenye kumbi zenye mwangwi mmekwisha kuzisikia. Naomba mzipime moja moja.

Wa kwanza wanasema maiki moja nzuri katikati ya ukumbi inatosha, kwa kuwa waliokaa hapo wanamsikia mhadhiri. Kweli wanamsikia, lakini kwa masikio mawili na ubongo unaojua sauti inatoka upande gani. Maiki haina msaada huo. Chukua ukumbi hapa Mzinga wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 12 na kimo cha mita 6, sakafu ya saruji na kuta tupu, ambamo sauti huchukua sekunde 2.5 kufifia. Kwa hesabu ya akustika, ukishavuka takriban mita 1.4 kutoka kinywani mwa msemaji, mwangwi unaizidi sauti yake. Kwenye mita 10 unaizidi kwa desibeli kama 17. Maiki ya bei kubwa itanasa mwangwi uleule, kwa usafi zaidi.

Wengine wanataka maiki ya kifuani peke yake. Hawa wako karibu na ukweli: iko sentimita 20 hivi kutoka kinywani, na maneno yanatoka wazi. Ila mwanafunzi wa nyuma akiuliza swali, rekodi inabaki na jibu lisilo na swali.

Hoja nzito ni ya tatu: changanya zote mbili sawasawa, kisha zilinganishe kwa kofi lililopigwa mwanzoni, na mwangwi utaondoka. Kulinganisha ni lazima. Sauti hutumia kama sekunde 0.029 kufika mita 10, kwa hiyo rekodi ya ukumbi huwahishwa kwa kiasi hicho. Lakini kinacholingana ni sauti iliyofika moja kwa moja tu. Iliyogonga kuta na bati inabaki ilivyochelewa. Tena watetezi haohao husema maiki ya ukumbi inaleta uhai. Uhai huo ndio mwangwi. Hawawezi kuusifu na papo hapo kudai wameufuta. Na kama vinasa sauti ni viwili, saa zao hazilingani kabisa: baada ya saa nzima vinaweza kupishana kwa sehemu ya sekunde, na msemaji akasikika mara mbili. Kofi la pili mwishoni ndilo linaloufichua mwachano huo.

Njia sahihi ni kuanza na maiki ya kifuani pekee, kuipandisha ya ukumbi mpaka ianze kusikika, kisha kuishusha kidogo. Ipandishwe tu wakati wa maswali, huku ya kifuani ikishushwa.

Mkiletewa rekodi ya nusu kwa nusu, zimeni maiki ya ukumbi katikati ya sentensi. Maneno yakieleweka zaidi, ikataeni.